Gawio Linalopanda Polepole

Mkulima wa Hanang hategemei mapato yafanane mwaka hadi mwaka. Mwaka 2017 India ilipobana uingizaji wa mbaazi, bei ilianguka, na kaya nyingi za Manyara zilizokuwa zimepanda mbaazi zikabaki na magunia bila mnunuzi wa maana. Mwaka mwingine mvua hukatika kabla alizeti haijajaza. Mtu aliyezoea hali hiyo, akiwa Katesh, Dongobesh au Haydom na ana hisa chache za benki, hupata mshangao wa aina nyingine kila msimu wa mkutano mkuu: faida ya kampuni imeruka, lakini gawio limesogea kidogo tu.

Tuchukue Benki ya CRDB, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2009. Faida ya mwaka 2022 ilikuwa takribani shilingi 134 kwa kila hisa, na gawio likawa shilingi 45. Mwaka 2023 faida ilifika kama shilingi 162 kwa hisa. Hilo ni ongezeko la asilimia 21 hivi. Gawio lilitoka 45 kwenda 50, yaani asilimia 11. Mwenye hisa 1,000 alipata shilingi 5,000 zaidi kabla ya kodi, ilhali faida ya hisa zake ilikuwa imekua kwa shilingi 28,000 hivi. Je, amepunjwa?

Jibu linaanzia kwa John Lintner wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1956 alichapisha matokeo ya mahojiano na mameneja wa kampuni 28 za Marekani. Aligundua kwamba mameneja hawaanzi na faida halafu wakaikata vipande. Wanaanza na gawio la mwaka jana, kisha wanajiuliza kama kuna sababu ya kuligusa. Wanachokiogopa kuliko vyote ni kulipandisha leo na kulazimika kulishusha kesho, kwa kuwa wenye hisa husoma kushuka kwa gawio kama tangazo kwamba kampuni imeharibikiwa. Kwa hiyo faida inapopanda, husubiri waone kama imekuja kukaa.

Lintner aliiweka tabia hiyo katika hesabu yenye namba mbili. Ya kwanza ni lengo, yaani sehemu ya faida ambayo menejimenti ingependa kuigawa hatimaye. Ya pili ni kasi, yaani sehemu ya pengo kati ya gawio la sasa na lengo ambayo wako tayari kuiziba kwa mwaka mmoja. Kwa kampuni za Marekani za wakati huo, kwa ujumla wake, alikadiria lengo la asilimia 50 na kasi ya 0.3. Hesabu yenyewe ni hii:

gawio jipya = gawio la jana + kasi × (lengo × faida − gawio la jana)

Tuijaribu kwa kampuni ya kubuni ya kukamua alizeti pale Katesh. Lengo lake ni asilimia 40 na kasi ni 0.3. Kwa miaka kadhaa imepata faida ya shilingi 100 kwa hisa na kulipa 40, kwa hiyo iko sawasawa kwenye lengo. Sasa inafunga mashine mpya na faida inapanda hadi 150, kisha inabaki hapo. Lengo la gawio sasa ni 60, na pengo ni 20. Mwaka wa kwanza kampuni inaziba asilimia 30 ya pengo hilo, shilingi 6, na kulipa 46. Mwaka wa pili pengo ni 14, nyongeza ni 4.20, gawio ni 50.20. Mwaka wa tatu gawio linakuwa 53.14. Kila mwaka asilimia 70 ya pengo hubaki, hivyo baada ya miaka miwili karibu nusu ya safari imekwisha, lakini kuimaliza kabisa huchukua miaka mingi.

Tuseme badala yake mvua zinagoma mwaka wa tatu na faida inashuka hadi 75. Lengo la mwaka huo ni 30 tu. Kampuni isiyosawazisha ingelipa 60, 60, halafu 30, na mwanahisa aliyepanga ada ya shule kwa 60 angeadhirika. Kwa hesabu yetu pengo ni 20.20 kwenda chini, asilimia 30 yake ni 6.06, na gawio ni 44.14. Menejimenti nyingi zisingekubali hata punguzo hilo. Zingeng'ang'ania 50.20, ambayo ni theluthi mbili ya faida yote. Kwa mwaka mmoja inawezekana. Ukame ukija mara mbili mfululizo, gawio hilo linaanza kula fedha za kubadilishia mashine, au kampuni inakopa ili kulipa. Hapo ndipo mwanahisa anapaswa kuacha kufurahia utulivu, na dalili yake huonekana kwenye taarifa ya mzunguko wa fedha: gawio na mikopo mipya vikipanda pamoja ilhali fedha kutoka kwenye biashara zinapungua.

Sasa turudi CRDB. Faida ya 2021 ilikuwa kama 103 kwa hisa na gawio 36, sawa na asilimia 35 ya faida. Mwaka 2022 sehemu hiyo ilikuwa karibu asilimia 34. Mwaka 2023 ilikuwa asilimia 31, na mwaka 2024, faida ikiwa kama 211 na gawio 65, ilibaki asilimia 31. Kuna maelezo mawili ya mteremko huo. Huenda lengo bado ni asilimia 35 na kasi ndiyo iliyopungua: mwaka 2023 lengo lingekuwa karibu 57, pengo likiwa 12, na nyongeza ya 5 ingemaanisha kasi ya 0.4 hivi. Mwaka 2024, kwa hesabu hiyo hiyo, kasi ingekuwa 0.6. Au huenda lengo lenyewe limeshushwa hadi asilimia 31. Hapo magawio ya 50 na 65 yanakaa karibu sawasawa kwenye lengo, na benki inarekebisha karibu pengo lote kila mwaka.

Mimi naelekea kwenye maelezo ya pili, kwa sababu yanahitaji namba moja tu kueleza miaka miwili, ilhali ya kwanza yanataka kasi ibadilike kila mwaka. Hata hivyo miaka minne haitoshi kuthibitisha. Kampuni yetu ya Katesh inaonyesha kwa nini: mwaka wa kwanza ililipa 46 kati ya 150, asilimia 31 ile ile, ingawa lengo lake lilikuwa asilimia 40. Faida ikiwa inapanda, kasi ndogo na lengo dogo huonekana vilevile machoni pa aliye nje.

Hutofautiana faida inaposimama. Kama gawio liliachwa nyuma na kasi ndogo, litaendelea kupanda hata bila faida kuongezeka, kama 46 ilivyokwenda 50.20 na 53.14. Kama lengo ndilo lililoshushwa, gawio litasimama pamoja na faida siku hiyo hiyo. Mwanahisa asiyetaka kusubiri mwaka wa namna hiyo ana njia ya mkato kwenye mkutano mkuu: kuiuliza bodi ni sehemu gani ya faida inayokusudia kuigawa katika miaka mitano ijayo, na kuomba jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.