Kudabo akiba kila mwezi: utafika Disemba kweli?

Mwaka ukianza, magrupu ya WhatsApp hujaa ratiba za kuweka akiba. Mojawapo inavutia kwa sababu inaanza na pesa kidogo sana: Januari weka shilingi 50, Februari 100, Machi 200, halafu endelea kudabo kila mwezi. Ahadi ni kwamba Disemba utakuwa na zaidi ya laki mbili. Tulikaa chini tukapiga hesabu, na hesabu yenyewe haina uongo. Ukifuata ratiba hadi mwisho utapata shilingi 204,750.

Swali ni nani atafika huko mwisho.

Kama ulisoma hisabati ya Fomu ya Tatu, huu ni mfululizo wa kijiometri: kila kiasi kinapatikana kwa kuzidisha kile kilichotangulia kwa namba ileile, na hapa namba hiyo ni 2. Jumla yake ni S = a(2ⁿ − 1), ambapo a ni pesa ya kuanzia na n ni idadi ya miezi. Lakini hata bila fomula, kuna kitu kimoja unaweza kukiona kwa macho. Kufikia mwisho wa Juni umeweka 3,150 kwa jumla. Julai peke yake inadai 3,200. Yaani kila mwezi mpya unadai zaidi ya yote uliyoweka tangu uanze. Ndiyo maana nusu ya zile laki mbili inatoka Disemba pekee, shilingi 102,400, mwezi wenye Krismasi, nauli ya kwenda ushago na karo ya Januari inayokuchungulia mlangoni. Na ukijaribu kuendelea mwaka wa pili, mwezi wa 14 utahitaji 409,600. Hapo hata simu itakataa, kwa sababu muamala mmoja hauruhusiwi kupita 250,000.

Tumchukue mama mboga ambaye akishalipa kodi ya nyumba, chakula na stoki, anabaki na 5,000 kwa mwezi. Atakwama lini? Gawanya 5,000 kwa 50 upate 100. Sasa hesabu 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64: namba saba, na inayofuata ni 128, ambayo imepita 100. Kwa hivyo mwezi wake wa mwisho ni wa saba. Agosti itamtaka 6,400 na hana.

Wengi wangesema basi aanze na pesa kidogo zaidi. Sawa, aanze na 25. Atafika Agosti, akwame Septemba. Ukipunguza pesa ya kuanzia kwa nusu unanunua mwezi mmoja tu, na akiba uliyokusanya inabaki ndogo vilevile. Kuanza chini hakukwepi ule ukuta, kunausogeza kidogo.

Sisi tungemshauri adabo hadi Julai, kisha asimame kwenye 5,000 kila mwezi. Julai atakuwa na 6,350, na miezi mitano iliyobaki itamletea 25,000, jumla 31,350 kufikia Disemba. Si laki mbili, lakini ni pesa za kweli. Hata hivyo, tuseme ukweli: kama hizo 5,000 angekuwa nazo tangu Januari, kuweka kiasi kilekile kila mwezi kungempa 60,000. Kudabo kunamfaa mtu ambaye mwanzo wa mwaka umembana, au anayejifunza kuweka akiba kwa mara ya kwanza. Kwa mwingine ni kujichelewesha.

Ile ratiba nyingine maarufu ya wiki 52, unayoongeza shilingi 50 kila wiki, inatenda tofauti kwa sababu inajumlisha badala ya kuzidisha. Kufikia wiki ya 26 umeshaweka 17,550, wakati mwenzako wa kudabo ana zile 3,150. Mama mboga wetu atabanwa huko pia katikati ya mwaka, kwa sababu wiki nne zitaanza kupita 5,000. Tofauti ni kwamba huku anapungukiwa na mia moja hivi, si kwa elfu moja na mia nne mara moja.

Utajuaje umeshafika kwenye ukuta? Angalia pesa ya akiba inatoka wapi. Ukianza kugusa pesa ya stoki au kuchukua mkopo wa simu ili utimize mwezi, simama hapo hapo. Akiba ya mkopo ina ada, na ada hiyo unailipa kwa kuhamisha pesa zisizo zako kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Ukiweka kiasi kinachojirudia kwenye simu, kumbuka pia kukibadilisha mwenyewe kila mwezi hadi ufike kikomo chako, kisha ukiache hapo.