Kidonge Kile Kile, Dozi Kubwa Zaidi: Levothairoksini Inaposhindwa Kupenya Tumboni

Mgonjwa wa tezi ya shingo aliyemeza levothairoksini kwa miaka mingi bila matatizo hushtuka anapoambiwa kwamba dozi yake haitoshi tena. Wengine hudhani ugonjwa umezidi. Wengine hushuku kwamba dawa waliyopewa ni hafifu, na wengine huona haya, kwa kuwa swali la kwanza la daktari huwa ni iwapo wanasahau kumeza. Swali hilo ni la haki, lakini si jibu la kila mara. Idadi ya maikrogramu iliyoandikwa kwenye boksi ni kile kinachoingia kinywani. Kinachofika kwenye damu ni pungufu yake, na upungufu huo hutegemea hali ya tumbo.

Kidonge hicho huyeyuka kwanza katika tindikali ya tumbo, kisha hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Hata kwa mtu mwenye tumbo zima, anayemeza asubuhi kabla ya kula, kinachofyonzwa ni takriban sehemu 7 au 8 kati ya 10. Ndiyo sababu wagonjwa huelekezwa kumeza kwa maji matupu, angalau nusu saa kabla ya chai na kifungua kinywa. Tindikali ikipungua, kidonge hakiyeyuki vizuri. Ukuta wa utumbo ukiharibika, au sehemu yake ikirukwa kwa upasuaji, dawa iliyoyeyuka hupita bila kufyonzwa. Katika hali zote hizo tezi ya mgonjwa imebaki kama ilivyokuwa; kilichobadilika ni njia ya dawa.

Chukua mfano wa mama wa miaka 54, mkazi wa Uingereza, mwenye uzito wa kilo 65. Kwa miaka 6 alimeza maikrogramu 100 kila siku, na kipimo chake cha TSH kilikuwa 1.8. TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ili kuihimiza tezi ya shingo ifanye kazi. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii, hupanda mwili unapopungukiwa na homoni ya tezi, na hushuka homoni hiyo inapozidi. Maabara nyingi huihesabu kuwa ya kawaida kati ya 0.4 na 4, ingawa mipaka hutofautiana kidogo.

Mama huyu alianza kusumbuliwa na kiungulia, akawa anameza omeprazoli ya miligramu 20 kila asubuhi. Ndugu yake alikuwa amemletea kutoka nyumbani, kwa hiyo haikuandikwa popote kwenye rekodi zake za kituo cha afya. Baada ya miezi 4 alianza kuchoka, kuhisi baridi kuliko wenzake nyumbani na kufunga choo. TSH ilisomeka 9.2. Hakuwa amekosa kidonge hata siku moja, na jambo hilo lingebaki kitendawili kama mfamasia hakumwuliza: ni dawa gani nyingine unatumia, hata zile zisizoandikwa na daktari?

Omeprazoli, pamoja na ndugu zake kama lansoprazoli, hufunga vijipampu vinavyotengeneza tindikali tumboni. Mtu angeweza kufikiri kwamba inatosha kuisogeza hadi jioni. Kwa madini ya chuma, kalsiamu, na zile dawa za kiungulia zenye kalsiamu au alumini, ushauri huo ni sahihi: hizo huing'ang'ania levothairoksini ndani ya utumbo, na zikiachwa mbali nayo kwa saa 4 hazikutani. Omeprazoli haifanyi kazi kwa kukutana na kidonge. Athari yake hudumu zaidi ya siku moja, hivyo tumbo hubaki na tindikali kidogo asubuhi na jioni, na kutenganisha saa hakuondoi tatizo.

Kwa kuwa mama huyu alihitaji kweli dawa ya kiungulia, daktari aliiandika kwenye rekodi, akapandisha levothairoksini hadi maikrogramu 125, na kumpima tena baada ya wiki 8. Muda huo si uzembe. Dawa hii hukaa mwilini kwa muda mrefu, na kipimo kinachochukuliwa kabla ya wiki 6 huweza kupotosha. TSH ilirudi 2.3. Si kila anayetumia omeprazoli hufikia hapo; wengi hawahitaji mabadiliko yoyote, na kipimo ndicho huamua.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni ya kurudi. Kiungulia kilipopoa, mama aliacha omeprazoli bila kumwambia mtu. Tindikali ilirejea, kidonge kikayeyuka kama zamani, na ile dozi ya 125 sasa ikawa nyingi mno. Moyo ulienda mbio, mikono ikatetemeka, usingizi ukapotea; TSH ilikuwa 0.1. Ziada kama hiyo ikiendelea huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa, hasa kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi. Kwa hiyo kuacha dawa ya tindikali ni habari ya kumpa daktari sawasawa na kuianza.

Ugonjwa wa siliaki hufuata mantiki hiyo hiyo kwa njia nyingine. Hapa gluteni, iliyomo katika ngano, shayiri na rai, huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe, na vile vijidole vidogo vinavyofyonza chakula na dawa hulala bapa. Huwapata watu wenye maradhi ya kinga ya tezi mara nyingi zaidi kuliko wengine. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 anayefika 200 na TSH bado iko juu, bila kukosa dozi, ana sababu nzuri ya kuchunguzwa damu kwa siliaki, hata kama haharishi. Asiache mkate, chapati na mandazi kabla ya kipimo hicho: anatakiwa kula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa angalau wiki 6, la sivyo jibu laweza kutoka safi kumbe ugonjwa upo. Ukithibitishwa, ugali wa mahindi, wali na mihogo havina gluteni kwa asili yake. Utumbo ukipona taratibu, dozi nayo huweza kuhitaji kushushwa.

Waliofanyiwa upasuaji wa kurukisha sehemu ya utumbo, au kupunguza tumbo kwa ajili ya unene, huvutwa pande mbili: ufyonzaji huweza kupungua, lakini uzito ukishuka mahitaji nayo hushuka. Hakuna awezaye kukisia mshindi, ndiyo maana hupimwa mara kwa mara katika miezi ya mwanzo. Vidonge vikishindwa, ipo levothairoksini ya maji, ambayo haisubiri tindikali ya kuiyeyusha. Daktari ndiye huiandika.

Dozi isiongezwe wala kupunguzwa nyumbani. Anayekwenda kupimwa abebe boksi zote anazotumia, zikiwemo za dukani na zilizoletwa na wageni, pamoja na tarehe alipoanza au kuacha kila moja.