Maji Yanavyoficha Nguvu za Asidi

Chukua chupa mbili zisizo na lebo. Moja ina asidi hidrokloriki, nyingine asidi nitriki, zote zikiwa na moli 0.1 katika kila lita ya maji. Tumbukiza kipima-pH katika ya kwanza: kitaonyesha takriban 1. Kioshe, kitumbukize katika ya pili: takriban 1 tena. Hata ukipima umeme unaopita au joto linalotoka, tofauti ya ukali haitajitokeza. Ukichanganya mililita 50 za asidi yenye moli 1 kwa lita na mililita 50 za sodiamu hidroksidi ya kiwango hicho hicho, joto hupanda karibu nyuzi 7, iwe umetumia hidrokloriki au nitriki.

Hata hivyo, asidi hizi mbili hazilingani. Hidrokloriki ni kali zaidi kwa mbali. Kwa nini basi maji hayalioneshi hilo?

Asidi ni kitu kinachotoa protoni, yaani kiini kitupu cha hidrojeni, na ukali wake ni wepesi wa kuitoa. Lakini protoni haiachwi ielee peke yake. Lazima apatikane wa kuipokea. Ndani ya maji, mpokeaji ni maji yenyewe, na kila molekuli inayopokea protoni hugeuka kuwa ioni ya hidroniamu:

HCl + H₂O → H₃O⁺ + Cl⁻
HNO₃ + H₂O → H₃O⁺ + NO₃⁻

Katika chupa zetu, kila molekuli ya asidi imezungukwa na molekuli zaidi ya 500 za maji, na zote ziko tayari kupokea. Hidrokloriki inasalimisha protoni zake zote. Katika milioni hakuna hata molekuli moja inayobaki nzima. Nitriki inasitasita kidogo: katika kila molekuli 1,000, kama 4 hivi hubaki hazijatengana. Hiyo ndiyo tofauti nzima iliyobaki. Ikigeuzwa kuwa pH inakuwa kama 0.002, na kipima-pH cha kawaida hakiwezi kuiona. Kinachopimwa katika chupa zote mbili ni hidroniamu ile ile, kwa wingi ule ule.

Ni sawa na kutaka kujua nani mwenye nguvu kati ya wapagazi wawili kwa kuwapa kila mmoja mfuko wa unga wa kilo tano. Wote watauinua, nawe hutajua lolote.

Dawa yake ni kutafuta kiyeyushi kinachosita kupokea protoni. Mwaka 1927, Norris Hall na James Conant wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi wao juu ya asidi zilizoyeyushwa katika asidi asetiki isiyo na maji, ile ile ambayo ikizimuliwa sana huwa siki. Asetiki yenyewe ni asidi, hivyo haipokei protoni kwa urahisi, na anayetaka kuisukumia protoni hulazimika kuonyesha nguvu zake halisi. Humo ndani asidi zinaachana waziwazi: perkloriki inaongoza, hidrokloriki iko nyuma sana, na nitriki ni ya mwisho kati ya hizo tatu. Vitabu vya kemia huipa hidrokloriki humo ukali wa takriban mara 9 ya nitriki.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja iliyoenea. Nitriki huyeyusha shaba, hidrokloriki haiyeyushi, na wengi huhitimisha kuwa nitriki ndiyo asidi kali zaidi. Sivyo. Kinachoila shaba ni nitrati, kwa kuinyang'anya elektroni, na ndiyo maana hutoka moshi wa kahawia badala ya hidrojeni. Huo ni uwezo wa kuoksidisha, wala hauhusiani na wepesi wa kutoa protoni.

Usawa huo nao una mpaka. Katika nitriki ya dukani, yenye asidi asilimia 68 hivi, maji hayatoshi tena kupokea protoni zote, na sehemu kubwa ya molekuli hubaki nzima.

Maabara za dawa hukutana na jambo hili kila mara. Kafeini ni besi hafifu mno. Ndani ya maji haiwezi kushindana na maji yenyewe kupokea protoni, kwa hiyo kuipima kwa asidi humo ni kazi bure. Mpimaji huiyeyusha katika asetiki isiyo na maji, kisha hudondoshea perkloriki. Lakini perkloriki huuzwa ikiwa na maji karibu asilimia 30, na maji hayo yakiachwa hupokea protoni zilizokusudiwa kafeini: badiliko ambalo lingekuwa la ghafla mwishoni mwa kipimo huwa la polepole, na jibu halitegemeki. Ndiyo sababu huongezwa asetiki anhidridi, ambayo humenyuka na maji hayo na kuyageuza kuwa asidi asetiki kabla kipimo hakijaanza.