Boti ya Wakulima na Mtu Mmoja Anayeweza Kuimaliza

Mvua zinapokolea Nyanda za Juu Kusini, mkulima wa viazi wa Umalila au Kilolo hana muda wa kusubiri ushauri. Baka jani chelewa likiingia shambani huku ubaridi na ukungu vikiendelea, shamba zima linaweza kuteketea ndani ya wiki moja au mbili. Kwa hali kama hiyo, boti ya mazungumzo kwenye WhatsApp inaweza kuwa msaada mkubwa. Ng'ambo ya Mto Songwe, nchini Malawi, wakulima wana UlangiziAI ya shirika la Opportunity International, na Kenya ipo Farmer.Chat ya Digital Green. Mtu anauliza kwa lugha yake, anajibiwa muda huohuo.

Mkulima halipi kitu, lakini kila jibu linalipiwa na mtu fulani. Kampuni zenye modeli za lugha hutoza kwa tokeni, yaani vipande vya maneno vinavyoingia na vinavyotoka. Hapo ndipo boti ya umma inapopata adui wake: mtu anayegundua kwamba nyuma ya namba ya kuuliza habari za viazi kuna modeli yenye uwezo wa kufanya kazi yoyote. Desemba 2023, duka la magari ya Chevrolet lililoko Watsonville, California, lilikuwa na boti kwenye tovuti yake. Watu waliishawishi ikubali kuuza gari kwa dola moja, na habari hiyo ndiyo iliyosambaa. Kwangu mimi jambo zito zaidi ni jingine lililotokea siku hizohizo: wengine waliitumia kuandikiwa programu za kompyuta, kwa gharama ya mwenye duka.

Tuchukue mfano wa kubuni, boti inayohudumia wakulima wa Mbeya na Iringa kwa bajeti ya shilingi 900,000 kwa mwezi, sawa na 30,000 kwa siku. Tuseme swali fupi na jibu lake hugharimu shilingi 15. Kwa siku boti inamudu maswali 2,000, na mwenye mradi anaweka kikomo: zikiisha 30,000, boti inanyamaza hadi kesho. Anadhani amejilinda. Kumbe kijana mmoja mwenye programu ndogo inayotuma swali kila sekunde atazimaliza fedha hizo kwa dakika 33. Akibandika sura nzima ya utafiti wake wa chuo ili ifupishwe, na kila ujumbe wa namna hiyo ukala shilingi 150, dakika nne hazitafika. Mradi haukufilisika, ni kweli. Lakini kuanzia hapo hadi usiku wa manane kila mkulima anayeuliza atakuta kimya. Kikomo cha jumla kikisimama peke yake humkabidhi mharibifu uwezo wa kuwazimia huduma wengine wote.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwa mtumiaji mmoja mmoja, na swali la kwanza ni namna ya kumtambua. Kwenye tovuti, wengi hukimbilia kuhesabu kwa anwani ya mtandao ya kifaa. Kwetu njia hiyo inaumiza wasio na kosa. Mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi sana kwenye anwani moja, hivyo ukimfungia mkorofi mmoja kwa anwani yake unaweza kuwa umewafungia na wafanyabiashara wa Soko la Mwanjelwa waliotumia mtandao uleule saa ileile. WhatsApp ina nafuu, kwa kuwa ujumbe hufika kwenye seva yako ukiwa na namba ya mtumaji. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uwe wa lazima, Januari 2020, kujikusanyia laini nyingi za Tanzania ni kazi ngumu kuliko zamani.

Namba hiyo ni ya kuaminika kwa sharti moja. Ujumbe huletwa na seva za Meta kwenye anwani uliyowapa, ukiwa na sahihi ya siri katika kichwa cha `X-Hub-Signature-256`. Programu isipoihakiki sahihi hiyo, yeyote aliyeipata anwani ya seva anaweza kutunga ujumbe mwenyewe na kuuandikia namba yoyote anayotaka, mpya kila mara, na vikomo vyako vyote vitakuwa havina maana. Pia kila ujumbe huja na kitambulisho chake. Seva yako ikichelewa kukiri kwamba imepokea, Meta huuleta tena uleule. Usipokumbuka vitambulisho ulivyokwisha kuviona, utalipia jibu moja mara mbili na kumhesabia mkulima kosa la mtandao.

Zipo boti zinazokubali namba zenye +255 tu. Mimi sikubaliani na uamuzi huo kwa ukanda huu. Watu wa Tunduma wana laini za Zambia, wa Kasumulu wana za Malawi, na wanalima upande wetu. Inatosha namba za nje zianze na salio dogo zaidi.

Salio ndilo wazo lenyewe. Utaratibu wa kusema "maswali kumi kwa saa, na saa ikigeuka tunaanza upya" una dosari. Mkorofi hutuma kumi dakika ya mwisho ya saa na kumi nyingine dakika inayofuata. Kuhesabu kasi ya sekunde kwa sekunde nako kuna dosari, kwani kuna mkulima aliyeko bondeni kusiko na mtandao: ameandika meseji sita tangu asubuhi, zimekaa kwenye simu zikisubiri, na akipanda mlimani zinaondoka zote kwa sekunde mbili. Kwa programu inayohesabu kasi tu, huyo anafanana na mashine. Dawa ni salio linalojijaza polepole kadiri muda unavyopita, lenye kilele:

```
salio = min(10, salio + dakika_zilizopita / 6)
```

Kila meseji ikikata moja, mstari huu unaruhusu meseji kumi kwa mpigo kwa aliyekaa kimya, kisha unarudisha moja kila dakika sita. Mkulima wa bondeni anapita bila kuguswa. Programu inayotuma kila sekunde hupitisha meseji kumi za mwanzo, kisha inakwama.

Lakini kuhesabu meseji pekee kuna udhaifu ambao mkulima wa viazi anaujua vizuri kuliko mtaalamu wa kompyuta, kwa sababu ndio udhaifu wa lumbesa: ukilipwa kwa gunia, mnunuzi analishindilia na kulijengea kilemba juu, na bado linahesabika gunia moja. Vivyo hivyo ujumbe mmoja unaweza kuwa na maneno matano au elfu tano, picha au sauti ndefu. Mazungumzo nayo hunenepa, kwani kila swali jipya hupelekwa kwa modeli pamoja na yaliyotangulia, na swali la ishirini linagharimu zaidi ya la kwanza hata likiwa fupi. Kwa hiyo juu ya salio la meseji kuwe na salio la shilingi kwa siku. Katika mfano wetu, shilingi 300 kwa kila namba humtosha mkulima maswali mafupi yanayokaribia 20, na mkorofi mmoja hawezi kula zaidi ya asilimia moja ya bajeti ya siku.

Hapa ndipo programu nyingi hukosea bila mwandishi wake kujua. Programu husoma salio, huona lipo, huita modeli, hupata jibu, ndipo hukata gharama. Jibu linaweza kuchukua sekunde kadhaa. Mtu aliyebakiza shilingi 15 akituma meseji hamsini kwa pamoja, na hakuna kikomo cha kasi kilichomzuia, zote hamsini zitasoma salio kabla gharama ya kwanza haijakatwa, na zote zitapita. Dalili yake ni rahisi kuiona kwenye daftari la matumizi: namba zenye salio hasi. Njia sahihi ni kukata kwanza. Unakadiria gharama ya juu kabisa ya swali hilo, ambayo inajulikana kwa sababu urefu wa jibu unaweza kuwekewa mwisho kwa `max_tokens`. Ikiwa ni shilingi 40, unazikata kwa amri moja isiyogawanyika, kwa mfano kwenye Redis:

```
DECRBY salio:namba 40
```

Matokeo yakishuka chini ya sifuri unarudisha zile 40 na kukataa. Yasiposhuka, unaita modeli, na gharama halisi ikiwa 15 unarudisha 25. Fanya hivyohivyo kwa salio la jumla la siku. Usitegemee tahadhari za bajeti za watoa huduma wa kompyuta za mbali. Bajeti ya Google Cloud, kwa mfano, kwa kawaida hutuma taarifa tu, haizuii matumizi, na hesabu zake huchelewa.

Anabaki mwenye laini mia moja. Kila moja ikila 300, bajeti imekwisha. Huyu hazuiliki kwa kikomo cha mtu mmoja, kwa hiyo fedha zenyewe zigawanywe: namba zote mpya kwa pamoja zisivuke shilingi 10,000 kwa siku, na 20,000 zibaki kwa zile zilizokwisha kutumia boti kwa wiki kadhaa. Laini zake mia zitagombania fungu moja, na mkulima wa zamani hatatikisika. Siku ambayo redio itaitangaza boti, namba mpya za kweli zitafurika, na fungu hilo liongezwe mapema kwa mkono.

Utambuzi wa jumbe taka huja hapa, na siupi nafasi ya hakimu. Maandishi yanayofanana kutoka namba nyingi yanaweza kuwa shambulio, au ni watu wametoka kusikia mtangazaji akisema watume neno VIAZI. Kichujio kinachokataa kila kisicho Kiswahili sanifu kitamkataa anayechanganya Kihehe au Kinyakyusa. Ninachokiamini ni dalili zikikutana: namba ni mpya, maandishi ni yaleyale, yanapishana kwa muda usiobadilika, na hayapumziki usiku kucha. Hata hapo usifunge, punguza salio. Kinachostahili kukataliwa mara moja ni kidogo, hasa kama boti hupeleka maswali kwa wakulima wengine: ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usivuke kamwe, na namba yake iripotiwe 15040.

Anayekataliwa aambiwe mara moja tu, kwa Kiswahili cha kawaida, na atajiwe saa atakayoweza kuuliza tena. Seva nyingi hufuata saa za UTC, hivyo siku yao hugeuka saa tisa usiku kwetu. Panga igeuke saa sita usiku. Na salio la jumla likiisha kweli, boti isinyamaze. Iwe na majibu yaliyoandikwa mapema na kupitiwa na afisa ugani, ya baka jani, viwavijeshi na mbolea ya kukuzia, yanayotumwa bila kuita modeli.

Kila Jumatatu mtu anayejua kilimo asome meseji hamsini zilizokataliwa juma lililopita, namba zikiwa zimefichwa kwa kuheshimu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Akikuta humo hata mkulima mmoja aliyekuwa anauliza kuhusu madoa kwenye majani, kikomo kilichomzuia kirekebishwe siku hiyohiyo, na swali lake lijibiwe kwa mkono.