Majina ya Mafaili ya Taarifa za Mwezi

Taarifa ya tumbaku katika vyama vyetu vya Mpanda hujazwa kwa zamu na karani wa mizani, mhasibu na meneja. Faili liitwalo "taarifa ya mwisho kabisa" halisemi ni la mwezi gani wala limetoka kwa nani. Liitwe hivi:

```
2025-06_tumbaku_t02_MH.xlsx
```

Mwezi uwe tarakimu, kwani kompyuta ikipanga kwa herufi, Agosti hutangulia Januari. Kisha namba ya toleo, na alama ya aliyelijaza.

Apokeaye faili alihifadhi kwanza kwa `Save As` na namba inayofuata, ndipo aandike. Aliyelitoa asiliguse tena. Tuseme karani ametoa t01_KR lenye kilo 18,400. Mhasibu anatia gharama katika t02_MH. Wakati huohuo karani anakumbuka stakabadhi ya kilo 92, naye anahifadhi t02_KR. Namba moja yenye alama mbili ni dalili kwamba taarifa imegawanyika. Msichukue tu lililohifadhiwa baadaye, maana halina gharama. Mhasibu aingize stakabadhi ile katika faili lake, jumla iwe kilo 18,492, alihifadhi t03_MH. Matoleo ya awali yasifutwe kabla taarifa haijatiwa sahihi.