Rufaa ya Bima Huandikwa kwa Maneno ya Faili

Kampuni ya bima ikikataa kulipia kipimo kwa maelezo kwamba "hakikuwa na ulazima wa kitabibu", maana yake ni kuwa aliyepitia madai hakuona sababu ya kutosha katika karatasi alizoletewa. Mara nyingi karatasi hizo ni fomu ya madai tu. Faili la mgonjwa limebaki kliniki.

Tuchukue mfano wa seremala aliyefanyiwa MRI ya kiuno. Fomu yake iliandikwa M54.5, yaani maumivu ya kiuno, basi. Maumivu ya aina hiyo kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache, ndiyo maana mpitiaji hutaka kuona wiki 6 hivi za dawa na fiziotherapia kwanza. Akajibiwa: hakuna uthibitisho wa tiba ya awali.

Faili lina habari nyingine. Tarehe 2 Mei daktari aliandika kwamba maumivu yanashuka mguu wa kushoto hadi chini ya goti, akampa dawa na kumpeleka fiziotherapia. Kadi ya mazoezi ina sahihi hadi 13 Juni. Tarehe 18 Juni maumivu hayajapungua, na nguvu ya kuinua kidole gumba cha mguu, iliyokuwa 5 kati ya 5 mwezi Mei, imeshuka hadi 4. Hapo kuna dalili za mshipa wa fahamu kubanwa, na alama iliyofaa ni M54.4: maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni.

Barua ya rufaa basi inataja namba ya madai, inanukuu sababu ya kukataliwa neno kwa neno, kisha inaijibu sababu hiyohiyo kwa tarehe na maneno ya faili. Nakala za kurasa husika na za kadi ya mazoezi huambatanishwa, na kliniki huombwa kusahihisha alama kwenye fomu. Kupungua kwa nguvu ndiko kuwekwe mbele, kwa sababu udhaifu unaoongezeka hautakiwi kusubiri hata hizo wiki 6.

Wengi huegemea majibu ya MRI: "mbona tatizo limeonekana?" Hoja hiyo ni dhaifu. Ulazima hupimwa kwa yale daktari aliyoyajua siku alipoagiza kipimo.

Kama daktari hakuandika, anaweza kuongeza maelezo kwa tarehe ya leo. Kuyaandika kwa tarehe ya nyuma ni kughushi. Na kama mkataba wenyewe haulipii MRI, ushahidi wa ulazima hautasaidia.

Omba jibu la rufaa kwa maandishi. Kwa Tanzania, ukikataliwa tena, barua ya jibu hilo ndiyo utakayoipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.