Vinundu Vipandavyo Mkono

Baina ya mwaka 1941 na 1944, katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika ya Kusini, wachimbaji wapatao 3,000 walishikwa na maradhi ya ngozi ambayo asili yake haikuwa mwamba wala maji ya mgodini, bali magogo yaliyotegemeza dari za mashimo, kwani juu ya miti ile, katika joto na unyevu wa chini ya ardhi, iliota kuvu iitwayo sporothriksi, ambayo huishi vilevile katika udongo, nyasi kavu na miiba ya waridi.

Mchimbaji akichomwa kidole na kibanzi cha gogo, kuvu huingia chini ya ngozi, na jeraha lenyewe hupona upesi hata likasahauliwa. Aghalabu baada ya wiki kadhaa, pale pale palipochomwa huzuka kinundu kigumu, chekundu, kisichouma sana, ambacho hulainika, hupasuka na kuwa kidonda. Kisha vingine hufuata kimoja juu ya kingine, kutoka kiganjani hadi kwenye kigasha, vimepangana kama shanga katika uzi, kwa sababu kuvu hupanda kwa kufuata mishipa ya limfu, ile ipelekayo majimaji ya mwili kwapani. Mgonjwa hana homa, na nguvu zake zi timamu, jambo ambalo humfanya achelewe kutafuta tiba.

Tabibu naye, akidhani kuwa ni majipu, humpa antibiotiki, ambazo haziidhuru kuvu hata kidogo. Hata usaha ukitazamwa kwa hadubini, mara nyingi hauonyeshi kitu, maana chembe za kuvu ni chache mno. Basi majibu hayo yasichukuliwe kuwa ushahidi wa kwamba haimo. Njia ya yakini ni kukata kipande kidogo cha kinundu na kukiotesha maabara, ambako katika joto la digrii 25 hutokea ukungu wenye nyuzi, nao katika digrii 37, joto la mwili wetu, hugeuka chembe za namna ya hamira. Kipimo hicho pia huyatenga maradhi haya na lishmania ya ngozi, ambayo nayo yaweza kupanga vinundu vyake safu moja.

Kule Witwatersrand wagonjwa walinyweshwa iodidi ya potasiamu, dawa chungu yenye kutia kichefuchefu lakini yenye kuponya, na magogo yakatiwa dawa ya kuua kuvu, hata maradhi yakakoma. Siku hizi hutumiwa zaidi itrakonazoli, kwa mtu mzima miligramu 200 kila siku, kwa miezi 3 hadi 6. Na hata vidonda vyote vikiisha kufunga, mgonjwa huendelea kuimeza kwa wiki 2 hadi 4, madhali kuvu iliyosalia hai chini ya kovu yaweza kuyarudisha maradhi.